Barua ya wazi kwa wenye dhamana: Kabla ya kutangaza uwiano wa mishahara, semeni mmemhesabu nani

Kwa Msajili wa Hazina,
Kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana,
Na kwenu wajumbe wa bodi za viwanda vya korosho, Mtwara na Lindi.

Waheshimiwa,

Walio wakubwa wangu, shikamooni. Wengine, habari za kazi.

Nimekaa kwenye chumba cha mishahara miaka 19, hapa Mtwara na kwa muda mfupi Lindi, kazi yangu ikiwa kuhakikisha kwamba kila jina lililomo kwenye daftari linapata chake na kila makato yanakwenda yanakotakiwa. Ninaandika kwa sababu nasikia siku hizi vikaoni likitajwa neno "uwiano wa mishahara", yaani malipo ya mkurugenzi mtendaji yakigawanywa kwa malipo ya mfanyakazi wa katikati, na nasikia likitajwa kana kwamba ni kipimo kama cha mzani wa ghalani: unaweka gunia, unasoma. Mimi niliwahi kuiandaa namba hiyo. Nilipata majibu manne mchana mmoja, kwa kiwanda kimoja, kwa mwaka mmoja, na hakuna hata jibu moja nililodanganya.

Ilikuwa hivi. Kiwanda cha kubangua korosho nilichokuwa nafanya kazi (sitakitaja, na hesabu zake nimezirahisisha ili kisitambulike) kilipata mnunuzi kutoka nje wa korosho zilizobanguliwa, ambazo sisi tunaziita karanga. Mnunuzi akatuma fomu ndefu ya maswali: maji machafu yanakwenda wapi, kuna watoto wanaofanya kazi, wanawake ni wangapi. Swali moja liliuliza uwiano wa malipo ya mkuu wa kampuni kwa mfanyakazi wa katikati. Bosi akaniita. "Mhasibu, hiki ni kitu cha dakika kumi, si ndiyo?" Nikamjibu ndiyo. Wakati huo sikujua nilichokuwa nakubali.

Niwaeleze kwanza huyo mtu wa katikati, maana wengi humchanganya na wastani. Wastani ni kujumlisha mishahara yote na kugawanya kwa idadi ya watu, na mishahara mitatu minono huuvuta juu hata kama wengine wote wanalipwa kidogo. Mtu wa katikati hupatikana kwa kuwapanga watu foleni, anayelipwa kidogo kuliko wote mbele, anayelipwa zaidi mwisho, kisha unahesabu mpaka katikati ya foleni na kumuuliza aliyesimama hapo: wewe unapata ngapi kwa mwaka? Mkuu mwenyewe hasimami kwenye foleni. Wamarekani waliiweka namba hii kwenye sheria yao ya Dodd-Frank ya mwaka 2010, tume yao ya soko la hisa ikapitisha kanuni Agosti 2015, na kampuni zilizoorodheshwa zikaanza kuitangaza mwaka 2018. Ndiko ilikotoka mpaka ikatufikia sisi kwenye fomu ya mnunuzi.

Kiwanda chetu, basi. Upande wa juu, mkurugenzi mtendaji alilipwa mshahara wa Sh. milioni 9 kwa mwezi, ambao ni milioni 108 kwa mwaka. Juu ya hapo kulikuwa na nyumba ya Shangani, milioni 18. Ada za watoto na tiketi za ndege, milioni 14. Na bonasi ya milioni 28. Jumla milioni 168. Upande wa chini kulikuwa na watu 61 wa kudumu: ofisi, mafundi wa boila, wasimamizi wa zamu, watu wa ubora, madereva. Kisha kulikuwa na akina mama 300 wa kubangua, kumenya na kuchambua madaraja, wanaolipwa kwa kilo. Mwenye mkono mwepesi alipata zaidi na anayejifunza alipata kidogo, lakini kwa barua hii nitawachukulia wote sawa: Sh. 8,000 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, yaani 200,000. Na walifanya kazi miezi 7 kwa mwaka, kwa sababu nitakayoieleza.

Mishahara ya watu wa kudumu ilikuwa tayari kwenye kompyuta. Niliandika hivi:

```
=MEDIAN(F2:F62)
```

Ikaniletea milioni 8.4 kwa mwaka, mtu wa laki saba kwa mwezi. Milioni 168 kugawanya kwa 8.4 ni 20. Dakika kumi kweli. Bosi akaiangalia, akauliza kama nyumba nayo ni mshahara, kwa kuwa yeye hapokei hela yake mkononi. Nikagawanya mshahara mtupu, milioni 108 kwa 8.4, ikatoka 13 kasoro kidogo. Akaipenda zaidi hiyo. Nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba mlinzi anayepewa chakula cha mchana tunamkatia hesabu yake, basi na nyumba ya Shangani ni malipo. Akakubali bila ugomvi, tukarudi kwenye 20.

Karatasi nilikuwa nayo mkononi nilipopita kwenye ukumbi wa kuchambulia. Mama mmoja wa Chikongola, wa siku nyingi pale, mtu wa utani, akaniuliza, "Baba, leo unatembea na karatasi kama askari wa usalama barabarani. Umeandika nini?" Nikamweleza kwa lugha nyepesi: ni mkubwa anapata mara ngapi ya mfanyakazi wa katikati. Akaendelea kutenga karanga nzima na vipande, bila kuniangalia. Kisha akasema, "Na mimi nimo?"

Hakuwemo. Mstari wangu uliishia F62. Majina ya wale 300 yalikuwa kwenye daftari jingine, la malipo ya kilo, ambalo hulipwa kila wiki mbili, na kwa mazoea ya ofisi tuliliita "daftari la vibarua" ingawa nusu yao walikuwa wamefanya kazi pale muda mrefu kuliko mimi. Nilirudi nikayaunganisha madaftari mawili:

```
=MEDIAN(F2:F362)
```

Foleni sasa ina watu 361, na wa katikati ni wa 181. Wa kwanza 300 wote ni akina mama wa kilo. Kwa hiyo mtu wa katikati ni mmoja wao, na kwa miezi yake 7 alipata Sh. 1,400,000 kwa mwaka mzima. Milioni 168 kugawanya kwa milioni 1.4 ni 120.

Kutoka 20 hadi 120 hakuna mtu aliyepandishwa wala kushushwa. Kilichobadilika ni tarakimu moja ndani ya mabano, 62 ikawa 362. Waheshimiwa, mkiona namba ya aina hii kwenye taarifa yoyote, jambo la kwanza kuuliza ni hilo la mama wa Chikongola.

Bosi hakukasirika, ila alikuwa na hoja, na hoja yenyewe ilikuwa na uzito. Alisema huwezi kulinganisha mwaka mzima wa mtu mmoja na miezi saba ya mwingine. Mchukue kama angefanya kazi miezi 12. Laki mbili mara 12 ni 2,400,000, na uwiano unakuwa 70. Hilo ndilo jibu la nne. Kwa muda nililiona ndilo la haki kuliko yote, kwa sababu linalinganisha kasi na kasi.

Kanuni ya Marekani ilinizindua. Inaruhusu kumkamilishia mwaka mfanyakazi wa kudumu aliyeajiriwa katikati ya mwaka, maana huyo mwakani atafanya kazi miezi yote. Inakataza kumkamilishia mfanyakazi wa msimu. Na ukiwaza kidogo utaona kwa nini: ile miezi mitano mingine haipo. Mama yule hali kwa kasi, anakula kwa alichopata. Ukimjazia miezi ambayo kiwanda kimefungwa, unampa kwenye karatasi hela ambayo hakuna aliyemlipa. Hata hivyo 70 si ya kutupwa kabisa. Inajibu swali jingine, yaani kiwango cha malipo kwa siku ya kazi kiko wapi. Ikae pembeni ya 120, na kila moja iandikwe jina lake.

Sasa hiyo miezi 7. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wa nje ya mikoa hii hupotea. Korosho ghafi hupatikana kwa msimu mmoja, minada huanza Oktoba, na baada ya miezi michache mzigo wote umekwishanunuliwa. Kiwanda kinachotaka kubangua mwaka mzima lazima kiwe na fedha ya kununua mzigo wa mwaka mzima ndani ya wiki chache, na kinashindana mnadani na wanaosafirisha ghafi kwenda India na Vietnam, ambao wana mikopo ya bei nafuu kuliko yetu. Sisi tulikuwa na fedha ya miezi 7. Ghala likiisha, boila linazimwa, akina mama wanarudi Chikongola, Naliendele na Mikindani kusubiri. Wengine wanakwenda shamba, wengine wanauza samaki.

Kwa hiyo yale malipo ya mtu wa katikati, yale 1,400,000, yanabeba vitu viwili ambavyo namba moja haiwezi kuvitenganisha: bei ya kilo, na ukubwa wa mkopo wa kununulia ghafi. Tungepata fedha ya miezi 10, mama yule angepata milioni 2 bila bei ya kilo kuguswa, na uwiano ungeshuka kutoka 120 hadi 84. Huko kungekuwa kushuka kwa kweli, kwa kuwa kuna chakula ndani yake. Hata hivyo msomaji wa nje angedhani bodi imemkata mkurugenzi au imepandisha kilo.

Kuna kushuka kwingine, na hiki ndicho kilichonifanya nichukue kalamu.

Mwaka uliofuata menejimenti ilileta wakala. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza kazi ya ofisi: wakala atawaandikisha akina mama, atawalipa, atawashughulikia, na kiwanda kitamlipa wakala kwa tani. Akina mama wakabaki kwenye meza zile zile, wakitenga karanga zile zile, msimamizi yule yule. Majina yao yakatoka kwenye daftari langu. Nilipofungua fomu ya mnunuzi mara ya pili, hakukuwa na la kujadili. Foleni ilikuwa na watu 61, mtu wa katikati alikuwa wa laki saba, na kwa kuwa mkurugenzi hakuongezwa, jibu lilikuwa 20. Mwaka uliotangulia, kama tungeandika inavyotakiwa, ingekuwa 120. Mtu akiweka namba hizo mbili kwenye grafu atapiga makofi. Akina mama wale wakati huo walikuwa wanalipwa pungufu kidogo, kwa sababu wakala naye hana budi kula.

Msidhani kwamba kanuni za wenzetu zimeliziba tundu hilo. Kanuni ya Marekani inawahesabu walioajiriwa na kampuni na kampuni tanzu zake, wawe wa muda, wa msimu au wa nusu siku. Lakini mtu aliyeajiriwa na wakala asiyehusiana na kampuni, ambaye wakala ndiye anayempangia malipo, hahesabiwi. Matokeo yake yalionekana mwaka wa kwanza tu wa kutangaza. Kampuni ya midoli ya Mattel ilitangaza uwiano wa 4,987 kwa 1 kwa mwaka 2017, na magazeti yakaivamia. Mtu wake wa katikati alikuwa mfanyakazi wa kiwanda nchini Malaysia, aliyelipwa dola 6,271 kwa mwaka. Sehemu ya sababu ni kwamba Mattel ilikuwa na viwanda vyake yenyewe huko Asia, na watu wa viwandani walikuwa wake. Mshindani wake Hasbro aliuza viwanda vyake viwili vya mwisho mwaka 2015, na midoli yake hutengenezwa na kampuni nyingine. Wanaokunja plastiki kwa ajili ya Hasbro wapo, ila kwenye foleni yake hawasimami. Simsifu Mattel; malipo ya mkuu wake mwaka ule yalikuwa zaidi ya dola milioni 31. Nasema tu kwamba aliyewaandikisha watu wake ndiye aliyeumbuka.

Pale Mtwara jambo ni lile lile, ila kwa korosho. Mkiamua kesho kwamba kila kampuni itangaze namba moja tu, na mkaacha kila mmoja achague foleni yake, mtakuwa mmewapa wenye viwanda sababu ya ziada ya kuleta wakala. Walikuwa nazo nyingi tayari.

Kuna jambo jingine ambalo namba hii haisemi, ingawa karibu kila anayeisoma hudhani inalisema: kwamba mkuu akikatwa, wa chini wataneemeka kiasi hicho. Chukueni Starbucks, kampuni ya kahawa ya Marekani. Kwa mwaka wa hesabu wa 2024 ilitangaza uwiano wa 6,666 kwa 1. Mkuu wake mpya alianza kazi Septemba 9 na mwaka ukafungwa Septemba 29, lakini malipo yake yaliandikwa karibu dola milioni 96, sehemu kubwa ikiwa hisa alizoahidiwa, zilizothaminiwa kwa bei ya siku ya kuahidiwa. Mfanyakazi wa katikati alikuwa wa muda, nyuma ya mashine ya kahawa, dola 14,674 kwa mwaka. Sasa mnyang'anye mkuu yule kila senti na uwagawie wafanyakazi wake wapatao 361,000. Kila mmoja anapata dola 265 hivi, chini ya asilimia 2 ya malipo ya yule wa katikati.

Rudini kwetu, ambako kwa bahati tu tuna watu 361. Mkurugenzi akinyang'anywa milioni zake zote 168, kila mtu anapata kama Sh. 465,000. Kwa mama wa kilo hiyo ni theluthi ya mapato yake ya mwaka. Uwiano wetu ni mdogo mara hamsini kuliko wa Starbucks, na bado sisi ndio ambao malipo ya mkuu yanaweza kubadilisha sahani ya mtu. Njia ya kulijua hili ni rahisi: gawanya uwiano kwa idadi ya watu. Sisi, 120 kwa 361, theluthi. Wao, 6,666 kwa 361,000, kidogo sana. Sipendekezi mkurugenzi afanye kazi bure, na sidhani boila lingewaka wiki ya pili. Ninachosema ni kwamba ukubwa wa uwiano peke yake haukuambii kama hela iliyo juu ni nyingi ukilinganisha na watu walio chini. Lazima uwe na idadi yao.

Je, basi namba hii haina kazi? Inayo, na niliishuhudia ikifanya kazi. Baada ya ile fomu ya kwanza nilirudi nyuma kwenye madaftari, bila kutumwa, nikapiga hesabu ya miaka minne iliyopita kwa njia ile ile: watu wote walioko kwenye madaftari yote mawili, hela waliyopata kweli, malipo yote ya mkurugenzi na nyumba yake ndani. Mwaka wa kwanza ilikuwa 86. Mwaka wa nne ndiyo hiyo 120. Miezi ya kazi ilikuwa 7 kila mwaka na idadi ya akina mama haikubadilika sana. Nikagawa ile tofauti kuona imetoka wapi. Malipo ya juu yalitoka milioni 120 yakafika 168, karibu nusu ya nyongeza hiyo ikiwa bonasi iliyofungwa kwenye tani zinazosafirishwa. Malipo ya chini yalikuwa 1,400,000 mwanzo na 1,400,000 mwisho. Bei ya kilo haikuguswa miaka minne, wakati unga na nauli ya bodaboda kutoka Naliendele havikusubiri. Tani zilizompa mkurugenzi bonasi zilipita kwenye vidole vyao, tena vidole vilivyoungua kwa mafuta ya ganda, na kwenye bei yao ya kilo hakukuwa na kifungu cha kuzitambua.

Hilo lisingeonekana kwenye namba ya mwaka mmoja. Wala lisingeonekana kwa kukilinganisha kiwanda chetu na benki ya Dar es Salaam, ambako karibu kila mtu ana kompyuta mbele yake na uwiano wa 20 unaweza kuwa wa kweli na bado mkurugenzi wake akalipwa mara tatu ya wetu. Kiwanda kilichojaa mikono kitakuwa na uwiano mkubwa. Ofisi iliyojaa wataalamu itakuwa na mdogo. Na mkitaka kuona namba inavyoweza kuwa katili, fikirini tungenunua mashine za kubangulia na kuwaondoa akina mama 250. Wanabaki 50 pamoja na wale 61, foleni ya 111, wa katikati ni wa 56, ambaye sasa ni mtu wa kudumu wa ngazi ya chini, tuseme wa Sh. 420,000 kwa mwezi. Uwiano ungeporomoka kutoka 120 hadi 33. Nyumba 250 zisizo na kipato, na taarifa ya mwaka ingesomeka vizuri.

Sisi Watanzania si wageni wa hesabu hizi. Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere alijikata mwenyewe asilimia 20 ya mshahara baada ya wanafunzi wa chuo kikuu kuandamana. Serikali yake ilijivunia kwamba tofauti ya kipato cha juu na cha chini katika utumishi wa umma, baada ya kodi, ilishuka kutoka karibu 50 kwa 1 wakati wa uhuru hadi karibu 9 kwa 1 katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba wakuu wa mashirika ya umma hawatapokea zaidi ya Sh. milioni 15 kwa mwezi. Hivyo ni vipimo viwili tofauti na vyote viwili ni tofauti na hiki cha sasa: cha Mwalimu kilitazama ncha mbili za ngazi, cha Magufuli kilitazama ncha ya juu peke yake. Na hata ile 9 ilikuwa ya watu walioko kwenye orodha ya mishahara. Mkulima wa korosho wa Newala hakuwemo. Swali la mama wa Chikongola ni la zamani.

Ninachoomba ni kidogo, na kila mhasibu wa mishahara anaweza kukitoa ndani ya siku moja.

Mkitaka kampuni na mashirika yatangaze uwiano, yatangaze na namba mbili zilizouzaa, ya juu na ya chini, kwa shilingi. Mwaka ukibadilika tutajua ni ipi iliyosogea. Foleni iwe ya watu wote wanaofanya kazi ndani ya uzio, na wale wa wakala wahesabiwe pia, au kama sheria haiwezi kumlazimisha wakala kutoa mishahara yake, basi angalau idadi yao iandikwe mstari unaofuata. Taarifa inayosema "20, na watu 300 wa wakala hawamo" ni taarifa ya kweli. Inayosema "20" siyo. Na kwa wafanyakazi wa msimu iandikwe miezi waliyofanya kazi, ili bei ya kilo na ukubwa wa mkopo visichanganywe.

Waingereza wana jambo ambalo ningelichukua. Kuanzia miaka ya hesabu iliyoanza Januari 2019, kampuni zao zilizoorodheshwa zenye wafanyakazi zaidi ya 250 nchini humo hutangaza uwiano tatu: wa aliye kwenye robo ya kwanza ya foleni, wa katikati, na wa robo ya tatu. Kwa kiwanda chetu, kabla ya wakala na kwa hela waliyopata kweli, zote tatu zingekuwa 120, kwa sababu hata mtu wa 271 kwenye foleni ya 361 ni mama wa kilo. Namba tatu zinazofanana zingemwambia msomaji, bila maelezo ya ziada, kwamba robo tatu ya kiwanda imesimama kwenye ngazi moja ya chini.

Kwa wajumbe wa bodi nina ombi la pembeni. Mnapopitisha bonasi ya mkuu iliyofungwa kwenye tani, muulizeni mhasibu wenu, papo hapo kikaoni, bei ya kilo ilibadilishwa lini mara ya mwisho. Atakuwa nayo kichwani.

Ile fomu ya kwanza tulituma 20. Niliandika chini, kwa herufi ndogo, "wafanyakazi wa kudumu tu". Fomu ilikuwa ya kujazwa mtandaoni na kisanduku cha jibu kilikubali tarakimu peke yake, kwa hiyo maneno yangu hayakuingia. Bosi alisema nisijali, nami nikabonyeza kutuma. Nakala ya karatasi yenye majibu yote manne bado ninayo. Ofisi yoyote kati yenu ikiihitaji, pamoja na namna ya kuyaunganisha madaftari mawili bila kurudia jina, nitaileta mwenyewe.

Wenu katika kazi,

Mhasibu wa mishahara,
Mtwara